Kamio Itasimama Wapi? Siku ya Kwanza na Enjenyeri wa Nyumba

Wengi wetu tukimuona enjenyeri mara ya kwanza tunauliza: nyumba ya vyumba 3 ni dolari ngapi? Hapa Butembo hawezi kujibu vizuri mbele ya kujua parseli yako inainama namna gani na kamio inafika wapi.

Nilienda na yaya yangu kwa enjenyeri juu ya parseli yake ya mlimani. Kabla ya kwenda tulipima mwinamo, vile tunapima shamba tukitaka kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Unafunga kamba chini kabisa ya kijiti cha juu, unaivuta mita 5 kuelekea chini, unainyoosha na nivo ya masoni, kiisha unapima toka kamba mpaka udongo. Unarudilia hivyo mpaka mwisho. Kwa mita 15 tulipata mshuko wa mita 3, ni kusema 20%.

Nyumba yake ina upana wa mita 8 kufuata mteremko. Basi ukuta wa chini unaanzia mita 1,60 chini ya ule wa juu. Lazima ukate mlima, ama upandishe fondasio, ama ufanye nusu kwa nusu. Yote inakula pesa, na mchoro wa vyumba hauonyeshi hata kimoja. Ndiyo maana, pamoja na plani ya vyumba, ya fondasio, ya paa na sura za nje, uombe mchoro wa mkato: nyumba imepasuliwa toka juu mpaka chini, na mstari wa udongo wa sasa ukionekana. Enjenyeri akikupa mkato wenye udongo uliolala sawa kama meza, ujue hajafika kwenye parseli.

Sasa njia. Kwa yaya, kamio inaishia mita 120 chini. Tuseme matofali ni 8.000, na mtu mmoja anabeba 10: hiyo ni safari 800. Ukilipa franga 50 kwa tofali, ni franga 400.000, na bado mchanga, mawe na simenti. Mvua ikinyesha, udongo unateleza na kamio inaweza kuishia mbali zaidi. Kwa hiyo uliza pia kama kuna jirani wa chini atakayekubali muweke matofali kwake.

Kwa bajeti, sema wazi pesa uliyo nayo leo na ile unayongojea. Omba devi yenye mistari mbalimbali: vifaa, mikono ya kazi, kamio, wabebaji, kukata udongo. Mstari wa wabebaji ukikosekana, uliza palepale nani atalipa. Enjenyeri wetu alijibu: «Hiyo ni ya mwenye nyumba.» Yaya akaandika, na hesabu ikabadilika kabla ya jiwe la kwanza.