Sampuli ya kazi baada ya mahojiano: Lini itumwe na iandamane na maelezo gani

Tuseme mwombaji kazi ya uchanganuzi wa data ametoka kuhojiwa katika ofisi iliyo kando ya Barabara ya Waiyaki, Westlands. Jopo lilitaka kujua iwapo amewahi kuandaa ripoti inayoeleweka na mkurugenzi asiyejua takwimu. Alijibu kwa maneno mawili matatu, nalo jopo likaendelea na swali jingine. Ni akiwa kwenye matatu anapotambua kwamba jibu lile halikutosha.

Hapo ndipo sampuli ina kazi. Anayetuma mkoba mzima wa kazi 20 humwachia mwajiri jukumu la kutafuta kinachomhusu, na ni wachache wenye subira hiyo. Kurasa mbili zinazojibu swali lililobaki zinatosha.

Siku hiyo hiyo, au kesho yake, mwombaji huyo anajibu barua pepe ile ile iliyomwalika, ili ujumbe usitengane na jina la nafasi anayoomba. Anaandika:

"Asanteni kwa kunipokea leo. Mliniuliza kuhusu ripoti za wasio wataalamu, na jibu langu lilikuwa fupi. Kiungo hiki kina kurasa mbili za ripoti ya mauzo. Chati na maelezo ni yangu. Takwimu nimezibuni ili nisitoe siri za mwajiri wangu wa awali. Ukurasa wa pili ndio unaojibu swali lenu."

Sentensi kuhusu takwimu ndiyo nzito zaidi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kazi iliyofanywa na mwajiriwa kwa kawaida huwa mali ya mwajiri, isipokuwa wameafikiana vinginevyo. Majina na nambari za simu za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kuchora kisanduku cheusi juu ya jina katika faili ya PDF hakusaidii: mara nyingi maandishi hubaki chini yake, na mtu huweza kuyanakili. Isitoshe, anayemwaga siri za mwajiri wa jana humtia hofu mwajiri wa kesho.

Kosa jingine ni kiungo kisichofunguka. Faili mpya katika Google Drive huwa imefungwa kwa neno "Restricted", na mwajiri hulazimika kuomba ruhusa. Mwombaji huchagua "Anyone with the link" na "Viewer", kisha hukijaribu kiungo kwenye simu ya rafiki, maana katika simu yake mwenyewe kitafunguka tu.

Kuna majopo yanayotoa alama kwa mahojiano pekee. Huko sampuli haibadilishi chochote, na ni vyema kuuliza kabla ya kuaga. Inakopokewa, faili isiguswe baada ya kutumwa, kwani kiungo huonyesha ilivyo wakati inapofunguliwa, hata kama ni wiki mbili baadaye.