Kabla hujakwangua kadi ya Google Play, angalia akaunti yako ni ya nchi gani

Tuseme uko Kondele na unataka almasi za Free Fire. Duka la simu linakuuzia kadi ya Google Play ya dola 10 kwa shilingi 1,500. Unakwangua, unaingiza zile namba, halafu simu inakuambia haziwezi kutumika nchini mwako. Unarudi dukani umewaka. Muuzaji anaapa kadi ni nzima, na pengine hadanganyi.

Shida ni kwamba tumezoea vocha ya Safaricom. Unabonyeza `*141*PIN#` na salio linaingia, mchezo umeisha. Kadi ya Google Play imefungiwa nchi. Ile ya dola mara nyingi ni ya Marekani, na akaunti uliyofungulia Kisumu ni ya Kenya. Kuhakikisha, ingia Play Store, gusa picha yako, kisha `Settings`, `General`, `Account and device preferences`. Chini ya `Country and profiles` utaona nchi yako. Isipolingana na ya kadi, usikwangue. Ukishakwangua, muuzaji hana njia ya kujua kama umeshazitumia zile namba, ndiyo maana wengi wanakataa kurudisha pesa.

Kuna mjuaji atakuambia uwashe VPN ubadilishe nchi. Buda, tulia kwanza. Google inakuruhusu kubadilisha mara moja tu kwa mwaka, na inataka njia ya malipo ya nchi hiyo mpya. Tena salio la shilingi ulilokuwa nalo halikufuati huko. Linabaki upande wa Kenya, hulioni kazi mpaka urudi.

Hata nchi zikilingana, unaweza kukutana na `We need more info to redeem your gift card`. Hapo Google inashuku kitu, na fomu yake inataka picha ya kadi na ya risiti. Sasa wewe ulitumiwa namba kwa WhatsApp na jamaa hata duka hana. Utapiga picha ya nini? Kama huna kadi mkononi wala risiti, hapo ndipo pesa inakwama.

Kitu kingine: salio huingia kwenye akaunti iliyofunguka Play Store wakati huo, si kwenye simu. Kama simu ni ya mathe na akaunti yake ndiyo iko juu, pesa ni zake, na Google haikuhamishii.

Halafu hii ndiyo inanishangaza: akaunti ya Kenya inakubali M-Pesa moja kwa moja. Unaiongeza kwenye njia za malipo, bei inakuja kwa shilingi. Dola 10, kwa bei ya karibu shilingi 129 kwa dola, ni kama 1,290. Zile 210 zaidi ulikuwa unamlipa nani, na kwa kazi gani?