Slaidi iliyopigwa picha mshazari: kuisoma na kuitafsiri pasipo kupoteza dozi

Mjini Kilosa, mkoani Morogoro, kipo chuo kinachofundisha maofisa tabibu. Wengi wa wanafunzi wa vyuo vya namna hiyo nchini walisoma shule za msingi kwa Kiswahili, kisha wakakutana na Kiingereza cha kufundishia walipoingia sekondari. Darasani mhadhiri huonyesha slaidi, huieleza kwa dakika mbili au tatu, kisha huipitisha. Mwanafunzi ambaye hajamaliza kuielewa lugha yake huinua simu na kuipiga picha kutoka pale alipoketi, akikusudia kuitafsiri jioni. Akiwa ameketi pembeni, picha hutoka mshazari. Makala haya yanaifuata picha moja ya aina hiyo hadi inapokuwa maandishi ya Kiswahili, kwa kuwa makosa yanayojificha humo baadaye huweza kuingia katika bomba la sindano.

Tuchukue mfano wa slaidi ya matibabu ya malaria kali kwa sindano ya artesuneti. Ina jedwali lenye safu mbili za kushuka: kushoto uzito wa mgonjwa, kulia dozi. Chini yake pana mstari wa muda:

```
< 20 kg      3.0 mg/kg
≥ 20 kg      2.4 mg/kg
at 0, 12 and 24 hours
```

Mwanafunzi yuko kwenye benchi la mwisho, upande wa kushoto wa chumba. Safu ya uzito iko karibu naye, na safu ya dozi iko mbali. Upana wa slaidi itazamwapo kwa upande hupungua kadiri pembe inavyoongezeka: kwa nyuzi 60 kutoka mtazamo wa mbele, upana unaoonekana ni takriban nusu tu ya upana halisi, na upande wa mbali hubanwa zaidi kuliko wa karibu. Kwa hiyo sehemu inayoumia kuliko zote katika picha yetu ni ile yenye tarakimu za dozi.

Simu nyingi leo zina programu ya kunyoosha picha. Mtumiaji huweka alama kwenye pembe nne za slaidi, nayo programu huvuta umbo lililopinda mpaka liwe mstatili. Pembe zinazotakiwa ni za slaidi yenyewe, wala si za ukuta au fremu ya ubao, kwa maana projekta iliyowekwa vibaya hupindisha slaidi hata kabla ya simu kuinuliwa. Kazi hii hurudisha umbo, lakini hairudishi kile ambacho kamera haikukiona. Herufi iliyoingia kwenye picha ikiwa na upana wa pikseli tano itatandazwa iwe na upana wa pikseli kumi, nayo itakuwa na ukungu uleule.

Herufi yenye kimo cha pikseli 20 hivi kwa kawaida husomeka. Nukta ya desimali iliyo kando yake, hata hivyo, huwa na pikseli mbili au tatu tu, na ikibanwa kwa mshazari hubaki moja. Picha ikitumwa kwa rafiki kupitia huduma ya ujumbe inayopunguza ukubwa wa picha, hiyo moja nayo huyeyuka. Heri kuituma kama faili kamili.

Nukta ikipotea, 3.0 husomwa 30. Kosa hili ni kubwa, na kwa sababu hiyo hujifichua. Mtoto wa kilo 14 anastahili miligramu 42 kwa sindano moja, na kichupa kimoja cha artesuneti cha kawaida kina miligramu 60, hivyo dozi yake haimalizi kichupa. Kwa kusoma 30 tungepata miligramu 420, yaani vichupa saba kwa mtoto mmoja mara moja. Anayefanya hesabu hiyo atashtuka na kurudi kwenye picha. (Hapa waandaaji wa slaidi nao wana lao: kanuni ya usalama wa dawa ni kuandika 3, si 3.0, kwa kuwa sifuri hiyo haiongezi maana yoyote ila hatari.)

Kosa la kuogopwa zaidi ni lile lisiloshtua. Programu ya kusoma maandishi hufuata mistari ya mlalo. Katika picha isiyonyooshwa mistari ya jedwali huinama, hata msomaji wa mashine aanzaye kwenye "< 20 kg" huweza kuangukia kwenye dozi ya mstari wa pili. Mtoto wetu sasa anapewa 2.4 kwa kila kilo, ambayo ni miligramu 33.6 badala ya 42. Amepunjwa moja ya tano ya dawa, na hakuna hesabu ya vichupa itakayolalamika. Matokeo ni yaleyale iwapo alama < itasomwa >. Tena mwanafunzi anaweza kulipokea kosa hilo kwa moyo mweupe, akidhani mtoto lazima apate kidogo kwa kila kilo kuliko mtu mzima. Sivyo ilivyo kwa dawa hii: watoto wadogo wakipewa dozi ileile kwa kilo, kiwango cha dawa katika damu yao huwa cha chini, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani likawapandishia hadi miligramu 3. Mwenye kuijua sababu hiyo atalitambua jedwali lililogeuzwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri neno lolote, maandishi ya Kiingereza yanakiliwa kwanza jinsi yalivyo, mstari kwa mstari, jicho likiwa kwenye picha iliyonyooshwa. Tarakimu isiyosomeka huachiwa mabano matupu, haikisiwi.

Ndipo tunafika kwenye tafsiri, na hapa mstari ulioonekana mwepesi kuliko yote ndio wenye mtego. Tafsiri ya neno kwa neno hutoa "saa 0, 12 na 24". Mzungumzaji wa Kiswahili aonapo "saa 12" huona jua likichomoza au likizama. Tuseme sindano ya kwanza imetolewa saa 4 asubuhi. Aliyesoma tafsiri hiyo kama saa ya ukutani atatoa ya pili saa 12 jioni, baada ya muda wa saa nane tu. Iliyokusudiwa ni saa 4 usiku, na ya tatu saa 4 asubuhi ya kesho yake. Tafsiri salama ni ndefu kidogo: "sindano ya kwanza mara moja, ya pili zikishapita saa 12 tangu ya kwanza, ya tatu zikishapita saa 24 tangu ya kwanza." Atakayeona urefu huo unachosha aongeze mfano wa saa kamili pembeni.

Slaidi inayofuata kwa kawaida husema kwamba mgonjwa ahamishiwe dawa ya kumeza atakapoweza "tolerate oral medication". Kamusi itatoa "kuvumilia", na msomaji atafikiria uchungu wa kidonge. Kinachosemwa ni kwamba mgonjwa ameza na asitapike, na hilo halifanyiki kabla ya sindano kuendelea kwa muda usiopungua saa 24. Kisha hupewa dozi kamili ya dawa mseto kwa siku tatu.

Vifupisho vya vipimo, kama mg, kg na ml, viachwe kama vilivyo. Picha ya awali nayo isifutwe baada ya tafsiri kukamilika. Mabano matupu yaliyobaki hupelekwa kwa mhadhiri pamoja na picha hiyo, kabla ya zamu ya wodini.