Mtikisiko wa Ubongo: Kwa Nini "Niko Mzima" Haitoshi

Katika ajali za bodaboda, askari wetu hukutana na mtu aliyeanguka, akainuka, akajipangusa vumbi na kusema, "Niko mzima." Baada ya dakika chache anauliza swali lile lile mara tatu, hakumbuki alikotoka, naye anayumba. Watu waliokusanyika husema amelewa. Yawezekana, lakini hiyo pia ndiyo sura ya mtikisiko wa ubongo, na harufu ya pombe haithibitishi kwamba kichwa hakikuumia. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwanza kituo cha afya. Maswali mengine yatafuata.

Ubongo ni laini, nao umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kinapogota au kugeuzwa kwa nguvu, ubongo huendelea na mwendo wake, ukavutika na kujipinda. Kofia ngumu hulinda fuvu lisipasuke, na ni lazima ivaliwe, lakini haizuii kabisa mwendo huo wa ndani. Wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu hata kidogo.

Seli za ubongo zilizovutika hupoteza mizani yake: potasiamu hutoka nje, kalsiamu huingia ndani. Ili kuirejesha mizani hiyo, seli hutumia sukari nyingi kuliko kawaida, ilhali damu inayoileta sukari hiyo imepungua. Hivyo ubongo hubaki na kazi nyingi na nguvu chache. Ndipo huja maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuumizwa na mwanga, usahaulifu na uzito wa kufikiri. Picha ya skeni huweza kuwa safi, kwa kuwa skeni huonyesha mfupa uliovunjika na damu iliyovuja, haionyeshi upungufu huo wa nguvu.

Dalili nyingine huashiria jambo kubwa zaidi, kama damu kuvuja ndani ya fuvu: maumivu yanayozidi, kutapika tena na tena, degedege, kulegea mkono au mguu, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka puani au sikioni, au usingizi usioamshika. Hapo mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Tuchukue mfano wa mwendesha bodaboda wa miaka 24 aliyeanguka Jumatatu asubuhi, akapimwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa saa 24 za kwanza asiachwe peke yake, asinywe pombe, wala asiendeshe chombo chochote. Kwa siku moja au mbili apumzike, lakini si kufungiwa katika chumba chenye giza: aweza kutembea uani na kuzungumza na jamaa, huku akipunguza simu na televisheni. Kulala si hatari, mradi anaamshika kama kawaida.

Jumatano aanze kutembea kwa dakika 15 hivi. Ayapime maumivu yake kwa kipimo cha 0 hadi 10. Yakipanda kidogo, tuseme kutoka 2 hadi 3, kisha yakatulia ndani ya saa moja, si neno. Yakipanda kwa zaidi ya pointi mbili, aache na ajaribu tena kesho. Akivumilia, aongeze hatua moja kila baada ya saa 24: mwendo wa kasi, kisha kuosha pikipiki, kisha kazi nzito kiasi. Kurudi barabarani ni hatua ya mwisho, dalili zikiwa zimekwisha na mganga ameridhia. Safari za kwanza ziwe fupi, za mchana, bila abiria.

Tunajua kwamba siku bila kazi ni siku bila chakula, na huenda pikipiki ina mwenyewe anayedai fedha zake jioni. Hata hivyo, aliyetikisika huchelewa kushika breki, hivyo huanguka tena kwa urahisi. Na pigo la pili kabla ubongo haujapona huongeza madhara na kurefusha uponaji. Kwa nadra, hasa kwa vijana, ubongo huvimba ghafla na kuua. Wenye pikipiki wazingatie jambo hili kabla ya kumharakisha mtu.

Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili. Watoto huweza kuchukua wiki nne. Muda huo ukipita na dalili zingalipo, mgonjwa arudi kwa mganga.

Mkiona ajali nchini Uganda, pigeni simu 999 au 112, na mtueleze yale mliyoyaona: kama mtu alizimia, kwa muda gani, na alisema nini alipozinduka. Yeye mwenyewe huenda asikumbuke.