Ukanda wa mvua na safari yake ya kila mwaka

Hewa iliyo juu ya ikweta hupashwa joto na ardhi na bahari iliyochomwa na jua la utosi. Ikishapata joto huwa nyepesi, hupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa. Mvuke iliyoubeba hugeuka matone, mawingu mazito hujengeka, na mvua hunyesha. Hewa hiyo, sasa kavu, hufika kimo cha kilomita 15 hivi, ikakosa pa kupandia zaidi, ikagawanyika: nyingine huelekea kaskazini, nyingine kusini. Kwenye nyuzi 30 hivi hushuka tena. Hewa inayoshuka hugandamizwa na kupata joto, kwa hiyo mawingu hayafanyiki. Ndiyo sababu kubwa ya Sahara upande mmoja na Kalahari upande wa pili. Kutoka huko hurudi ikwetani ikipita chini, karibu na ardhi. Mzunguko huo huitwa seli ya Hadley, kwa jina la Mwingereza George Hadley aliyeueleza mwaka 1735. Kuna seli nyingine mbili kila upande, ya kati na ya ncha ya dunia, lakini hazigusi sana mvua za tropiki.

Lau dunia isingejizungusha, hewa inayorudi ikwetani ingekwenda moja kwa moja. Lakini mahali palipo ikwetani huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na mahali palipo nyuzi 30 kwa kilomita 1,450 tu. Hewa itokayo huko huikuta ardhi ya ikwetani inakwenda kasi kuliko yenyewe, ikaachwa nyuma upande wa magharibi. Kwa hiyo pepo za kaskazini huvuma zikitoka kaskazini-mashariki, na za kusini zikitoka kusini-mashariki. Hadley aliliona hilo kwa sehemu tu. Karne moja baadaye, mwaka 1835, Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis alionyesha kwa hesabu nguvu inayojitokeza katika chochote kinachokwenda ndani ya mfumo unaozunguka. Katika hewa, nguvu hiyo hupindisha upepo kulia katika nusu ya kaskazini ya dunia na kushoto katika nusu ya kusini, uwe unaelekea upande wowote. Ikwetani penyewe haipindishi upepo kabisa.

Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye mstari huo, wageni huonyeshwa maji yakizunguka upande huu na ule katika beseni lenye tundu, hatua chache kutoka ikweta. Kinachoyazungusha ni namna yalivyomiminwa. Nguvu ya Coriolis ni hafifu mno kwa beseni. Inahitaji upepo unaosafiri mamia ya kilomita. Ushahidi wake wa kweli ni kusi. Upepo huo hufika pwani ya Tanzania ukitoka kusini-mashariki, na ukishavuka ikweta hupinda kulia, ukaambaa na Somalia na kuendelea hadi Bara Hindi. Ndio uliorudisha majahazi Oman na Gujarati. Kaskazi, iliyoyaleta, hufanya kinyume chake: ikivuka ikweta kuelekea kusini hupinda kushoto.

Pepo za pande hizi mbili hukutana, na kwa kuwa hewa haina pengine pa kwenda, hupanda. Hapo ndipo ulipo ukanda wa mvua. Haukai mahali pamoja, kwa sababu jua la utosi nalo huhama kati ya nyuzi 23.5 kaskazini, mwezi Juni, na nyuzi 23.5 kusini, mwezi Desemba. Ukanda hulifuata kwa kuchelewa, kwa kuwa bahari na ardhi huchukua wiki kadhaa kupata joto.

Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini, hupata jua la utosi mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Masika hupamba moto Aprili, ukanda ukipita kwenda kaskazini; vuli hukolea Novemba, ukirudi. Kati yake, Januari na Februari, ukanda uko kusini zaidi na kaskazi huvuma ikiwa na mvua chache. Songea, karibu nyuzi 11 kusini, iko jirani na mwisho wa safari hiyo. Ukanda hufika, hukaa, kisha hugeuka, na mapito mawili huungana kuwa msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Julai ukanda uko Ethiopia na Sudan, na Songea ni kavu.

Maelezo haya yana mipaka. Katika Afrika Mashariki ukanda si mstari mmoja wa mawingu. Milima, Ziwa Viktoria na Bahari ya Hindi huukatakata na kuupinda. Vuli ndiyo inayoyumba zaidi. Mwaka 1997, na tena 2019, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko kawaida na ya mashariki, upande wa Indonesia, yalikuwa baridi. Hewa ikapanda kwa wingi upande wa Afrika, na vuli ikaleta mafuriko. Tofauti hiyo ya joto ikigeuka, hewa hushuka juu ya pwani ya Afrika Mashariki, na vuli huwa haba ingawa jua limepita utosini kwa tarehe zake zilezile.