Kwa Nini Mombasa Iko Pale Ilipo

Maelfu ya miaka iliyopita, barafu ilipokuwa imeshika sehemu kubwa ya dunia, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa zaidi ya mita 100. Mito ya pwani ya Kenya ilichimba mabonde marefu kuifuata. Barafu ilipoyeyuka, maji yalipanda na kuyafunika mabonde hayo. Mawili kati yake leo yanaitwa Tudor na Kilindini, na kipande cha mwamba wa matumbawe kilichobaki katikati ndicho kisiwa cha Mombasa.

Wanajiografia huuliza maswali mawili juu ya mji wowote: umesimama juu ya ardhi gani, na ardhi hiyo iko wapi ukilinganisha na miji, njia na masoko mengine? Mombasa majibu hayo mawili yamekuwa yakivutana tangu zamani.

Tuanze na njia. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Nahodha aliyengoja pepo zigeuke alihitaji maji yaliyotulia na mlango wa kupitia kwenye miamba. Mabonde yale ya mito yaliyozama yalimpa vyote viwili. Upande wa bara, Wamijikenda walileta pembe na nafaka, wakachukua nguo na shanga. Mji ukakua ubavu wa mashariki wa kisiwa, mahali palipo Mji wa Kale, ambapo jahazi liliweza kutia nanga karibu kabisa na nyumba.

Maji hayohayo yalikuwa handaki la ulinzi, ila lilikuwa na tundu moja. Upande wa kaskazini magharibi, pale Makupa, mkono wa bahari ni mwembamba na kina chake kidogo, hata watu waliweza kuuvuka kwa miguu maji yakipwa. Mwaka 1589 Waturuki waliokuwa Mombasa waliweka vyombo vyao vya vita hapo kuwazuia Wazimba waliokuwa wamepiga kambi ng'ambo. Wareno walipofika kwa bahari wakaviteka vyombo hivyo, kivuko kikabaki bila mlinzi, na Wazimba wakaingia kisiwani. Miaka minne baadaye Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu juu ya mwamba unaotazama mlango wa bandari. Makupa nako wakaweka vingome vidogo vya kulinda kivuko.

Kuta nene hazikuwaondolea Wareno shida ya maji. Kisima walichochimba ndani ya ngome kilitoa maji ya chumvi, yakawafaa kuoshea tu. Kwa kunywa walitegemea birika la kukusanya mvua. Wakati Waomani walipoizingira kuanzia mwaka 1696 hadi 1698, njaa na maradhi yaliua watu wengi kuliko mizinga.

Chumvi hiyo ina sababu yake. Matumbawe yana vitundu vingi, kwa hiyo mvua hupenya mpaka chini na kuelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Kwa kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari husimama juu ya takriban mita 40 za maji matamu zilizo chini yake. Hesabu hiyo hufanya kazi kinyume pia: ukivuta maji mpaka usawa wake ushuke nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20. Mwenye kisima hugundua pale sabuni inapokataa kutoa povu. Na vitundu vinavyopitisha mvua hupitisha pia uchafu wa vyoo vya shimo. Ndiyo maana mji huu hunywa maji ya mbali: chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na chemchemi za Mzima huko Tsavo, ambazo bomba lake lina urefu wa zaidi ya kilomita 200.

Kisha zikaja meli za mvuke. Bandari ya Kale haikuwa na kina cha kuzitosha, Kilindini ilikuwa nacho. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896, ukavuka Makupa, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Viktoria. Uzito wa mji ukahamia magharibi. Pale palipokuwa na kivuko cha miguu pakajengwa tuta, nalo likaziba mkondo wa maji kwa miongo mingi, hadi daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 liliporuhusu maji kupita tena.

Likoni bado panavukwa kwa feri. Daraja hapo lazima liwe juu sana, kwa sababu meli zote za Kilindini hupita papo hapo, na kina kilichoipa Mombasa bandari ndicho kinachowapanga watu foleni kila asubuhi. Kwa magari, jibu limekuwa barabara ya Dongo Kundu: anayetoka Nairobi kwenda Diani au mpakani Lungalunga hufika bila kukanyaga kisiwa.