Minervali ya Septemba huanza kutafutwa mwezi wa Mei

LUBUMBASHI – Kila mwaka, wiki chache baada ya shule kufunguliwa, wanafunzi hurudi nyumbani saa za asubuhi wakiwa bado na mifuko yao mgongoni. Hawana ugonjwa, na mwalimu yuko darasani. Wamefukuzwa kwa sababu tarehe ya kulipa awamu ya kwanza ya minervali imepita. Wazazi wengi husema kwamba pesa ni kidogo, na ni kweli. Lakini katika nyumba nyingi kuna tatizo jingine: mzazi amegawanya minervali ya mwaka kwa idadi ya miezi, bila kuangalia tarehe ambazo shule inadai.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali. Katiba ya mwaka 2006 inasema hivyo, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza jambo hilo nchini kote. Hata hivyo, uamuzi huo haugusi shule za kibinafsi wala sekondari. Familia ambayo mtoto wake ametoka mwaka wa sita wa msingi na kuingia mwaka wa saba hukuta gharama ambayo haikuwa nayo mwaka uliotangulia.

Katika sekondari, matokeo hutolewa kwa semesta mbili, lakini shule nyingi hudai minervali kwa awamu tatu, zile ambazo watu huita transhi. Awamu hizo hazigawanyi mwaka sawasawa. Ya kwanza huja mapema sana, wakati mzazi ametoka tu kununua makaye, viatu na sare ya blu na nyeupe. Hapo ndipo mipango mingi ya akiba huvunjika.

Hesabu ya familia moja

Tuchukue mfano wa mama anayeuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, mjini Lubumbashi. Ana watoto wawili katika sekondari. Shule yao inahesabu minervali kwa dola, kama shule nyingi za mji. Kwa watoto wote wawili, mwaka wake wa masomo unaonekana hivi:

– Mwanzoni mwa Septemba: kuandikisha, makaye, sare na viatu, dola 90
– Tarehe 30 Septemba: awamu ya kwanza, dola 120
– Tarehe 31 Januari: awamu ya pili, dola 120
– Tarehe 30 Aprili: awamu ya tatu, dola 90

Jumla ni dola 420. Mzazi anayegawanya kwa miezi 12 hupata dola 35 kwa mwezi, na kiasi hicho kinaonekana kuwa sawa. Sasa tuone kinavyotembea. Mama huyu anaanza kuweka mwezi wa Mei, mara tu baada ya kumaliza awamu ya mwisho ya mwaka unaokwisha. Mwisho wa Agosti ana dola 140. Analipa 90 za vifaa na kuandikisha, anabaki na 50. Septemba anaongeza 35, zinakuwa 85. Shule inadai 120. Amekosa dola 35, ingawa hakuruka mwezi hata mmoja.

Anayeanza kuweka mwezi wa Septemba yuko mbali zaidi. Mwisho wa mwezi huo ana dola 35 mkononi, na gharama ambazo zimekwisha kufika ni dola 210.

Njia inayofaa ni kuhesabu kutoka kwenye tarehe kurudi nyuma. Unajumlisha yote yanayotakiwa mpaka tarehe fulani, kisha unagawanya kwa miezi iliyobaki kabla ya tarehe hiyo. Kwa mama huyu, mpaka tarehe 30 Septemba zinatakiwa dola 210. Kutoka Mei mpaka Septemba ni miezi mitano. 210 kwa tano ni dola 42 kwa mwezi. Mwisho wa Agosti atakuwa na 168. Akitoa 90, atabaki na 78. Septemba ataongeza 42, na zitatimia 120 za awamu ya kwanza.

Baada ya hapo mzigo unapungua. Kutoka Oktoba mpaka Januari ni miezi minne kwa dola 120, yaani 30 kwa mwezi. Kutoka Februari mpaka Aprili ni miezi mitatu kwa dola 90, tena 30 kwa mwezi. Jumla ya mwaka ni ile ile, dola 420. Kilichobadilika ni kwamba miezi mitano ya kwanza inabeba zaidi, kwa sababu Septemba inadai nusu ya pesa zote za mwaka.

Desemba pia ina mambo yake. Familia inayojua kwamba sikukuu zitakula pesa yote inaweza kuandika sifuri kwa mwezi huo tangu mwanzo, na kuweka dola 40 Oktoba, 40 Novemba na 40 Januari. Awamu ya pili inatimia vilevile. Ni afadhali mwezi mtupu uliopangwa kuliko mwezi uliojazwa kwenye karatasi na kukosekana kwenye sanduku.

Kutoka mwezi kwenda siku

Muuzaji wa soko hapokei mshahara mwisho wa mwezi. Kwa hiyo dola 42 zinapaswa kugeuzwa kuwa franka za kila siku. Tuseme dola moja inabadilishwa kwa franka 2 300. Dola 42 ni franka 96 600. Mama huyu anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo anatenga franka 3 800 kila jioni kabla ya kununua mzigo wa kesho. Kuanzia Oktoba, dola 30 kwa mwezi zinakuwa karibu franka 2 700 kwa siku.

Kiwango cha kubadilisha pesa hakisimami. Dola ikipanda mpaka franka 2 500, zile dola 42 zitagharimu franka 105 000, yaani 8 400 zaidi kila mwezi. Ndiyo maana mzazi anayedaiwa kwa dola hufanya vizuri kununua dola kila mwisho wa wiki au mwezi, badala ya kulimbikiza franka mpaka siku ya kulipa. Lakini aangalie noti anazopokea. Noti ya dola iliyopasuka hata kidogo inaweza kukataliwa, na akiba ambayo haipokelewi haimrudishi mtoto darasani. Shule inayodai kwa franka haileti shida hiyo. Hapo akiba ibaki katika franka.

Likelemba na AVEC: saa ya kupokea ndiyo muhimu

Wazazi wengi huweka kupitia likelemba. Mama kumi wanaotoa dola 21 kila mwezi humpa mmoja wao dola 210, kiasi kamili ambacho mama wa mfano wetu anahitaji. Kama kundi limeanza mwezi wa Mei na zamu yake iko mwisho wa Agosti, atalipia vifaa na awamu ya kwanza bila kuhangaika. Lakini baada ya kupokea, bado anadaiwa na wenzake dola 21 kila mwezi mpaka Februari. Wakati huo huo anapaswa kutafuta 30 kwa mwezi kwa ajili ya awamu ya pili. Kuanzia Oktoba mpaka Januari anabeba dola 51 kwa mwezi, zaidi ya zile 42 alizoogopa. Likelemba inafaa kwa anayeandika deni hilo katika mpango wake tangu siku ya kwanza.

Katika AVEC, vikundi vya kuweka na kukopesha, wanachama hununua hisa kila wanapokutana, na pesa hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu na watunzaji tofauti wa funguo. Mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi huwa kati ya miezi tisa na kumi na miwili, kila mtu hupokea hisa zake pamoja na sehemu ya faida ya mikopo. Kikundi kinachogawana Desemba hakimsaidii mzazi mwezi wa Septemba, ila kwa mkopo wenye faida juu yake. Wazazi wanaotaka AVEC iwalipie shule wanapaswa kukubaliana, kabla ya kununua hisa ya kwanza, kwamba siku ya kugawana iwe mwisho wa Agosti.

Pesa ya Januari ni vigumu kuipata katika sanduku hilo bila kukopa, kwa sababu hisa hazitoki kabla ya kugawana. Hiyo inaweza kuwekwa kwenye simu au katika kopereti ya akiba, baada ya kuuliza ni kiasi gani kinakatwa wakati wa kutoa.

Ukikosa mwezi mmoja

Mpango mzuri unaonyesha mapema kwamba kuna shimo. Kwa mama wa mfano wetu, mwisho wa Mei sanduku liwe na dola 42, mwisho wa Juni 84, mwisho wa Julai 126, mwisho wa Agosti 168. Namba hizo zikiandikwa ndani ya kifuniko cha kaye ya biashara, kila mwisho wa mwezi atajua mahali aliposimama.

Tuseme mtoto ameugua mwezi wa Julai na hakuna kilichowekwa. Mwisho wa mwezi kuna 84 badala ya 126. Mpaka tarehe 30 Septemba zinakosekana dola 126, na miezi iliyobaki ni miwili. Atahitaji 63 kwa mwezi. Kama anaona hawezi kuzipata, bado ana wiki nane za kufanya jambo: kutumia tena viatu vya mwaka jana, au kwenda kwa prefe wa shule na kuomba kulipa awamu ya kwanza kwa vipande viwili. Anayefika Agosti na sehemu ya pesa mkononi ana nafasi zaidi ya kusikilizwa kuliko anayefika Oktoba wakati mtoto amekwisha kufukuzwa. Kila kipande kilipwe kwa risiti au bordero ya benki, na karatasi hiyo ihifadhiwe, kwa sababu ndiyo ushahidi pekee kama jina la mtoto litasomwa tena katika orodha ya wanaodaiwa.

Kabla ya hesabu yote hiyo, mzazi anahitaji karatasi ya tarehe na kiasi cha kila awamu. Kwa shule za serikali, kiasi kinachoruhusiwa huwekwa na amri ya gavana wa jimbo kila mwaka, kwa hiyo namba za mwaka uliopita ni za kuanzia tu. Zikibadilika, hesabu inafanywa upya kwa miezi iliyobaki. Mwenye mtoto katika mwaka wa mwisho wa sekondari aulize pia ada na tarehe ya mtihani wa serikali, kisha aiandike kama awamu ya nne. Pesa hiyo haimo ndani ya minervali, na ikisahaulika itachukuliwa kutoka kwenye fungu la Aprili.